Nusukipenyo Nilikipata, Mtihani Nikaufeli

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Kaka, shikamoo. Tumeulizwa mfululizo 1 − z + z^2 − z^3 na kuendelea unafanya nini pale z = 1. Nimejibu kwamba jumla yake ni 1/(1 + z), ukiweka 1 unapata 1/2, basi unatulia kwenye 1/2. Nimepewa kosa. Nimekosea wapi?"

Nilianza kucheka, halafu kicheko kikakatika, maana ukingo huohuo wa duara ndio ulionifelisha mimi. Sikuwahi kuandika habari hii kwenye blogu. Leo naiandika.

Nilikuwa mwaka wa pili pia, na nilikuwa nimejipa sifa ya kuwa mkali wa namba changamano. Swali la tatu la mtihani lilikuwa hili: mfululizo z + z^2/2 + z^3/3 + ..., utafute unatulia wapi. Nikafanya kipimo cha uwiano kwa dakika mbili. Uwiano wa kijenzi kimoja kwa kilichotangulia, ukiutazama urefu wake, ni n/(n + 1) mara urefu wa z, na n ikikua unaelekea kuwa urefu wa z wenyewe. Ukiwa chini ya 1, mfululizo unatulia, yaani jumla zake za hatua kwa hatua zinasogelea namba moja na kubaki hapo. Ukizidi 1, hautulii. Nusukipenyo cha duara ambamo mfululizo unatulia ni 1. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

Kisha swali likauliza: na kwenye ukingo wa duara? Nikaweka z = 1, nikapata 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea, ambao kila mtu anajua unapanda bila kikomo. Nikaandika kwa kujiamini: "Kwa hiyo mfululizo hautulii kwenye ukingo."

Mhadhiri alirudisha karatasi, na kabla ya kunipa yangu aliisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, neno kwa neno. Akauliza, "Ukingo una nukta ngapi?" Watu wakacheka. Hakutaja jina langu, lakini aliyekaa pembeni yangu aliujua mwandiko. Miaka imepita, sasa nafundisha mimi, na bado nikiandika kipimo cha uwiano ubaoni masikio yanapata moto.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Pale urefu wa z unapokuwa 1 kamili, uwiano unaelekea 1, na kipimo hakisemi chochote. Unabaki na nukta zisizo na idadi juu ya ukingo, na kila moja ina kesi yake. Chukua mifululizo mitatu ambayo yote nusukipenyo chake ni 1. Wa kwanza, z + z^2 + z^3 + ..., hautulii popote kwenye ukingo, kwa sababu kila kijenzi kina urefu wa 1 na hakisinyai. Wa pili, wenye z^n/n^2, unatulia kila mahali kwenye ukingo, maana urefu wa vijenzi vyake ni 1 + 1/4 + 1/9 na kuendelea, na jumla hiyo ina kikomo. Wa tatu ndio huu wangu wa z^n/n. Huu unatulia kwenye ukingo wote isipokuwa nukta moja tu, z = 1. Nilichagua nukta moja mbovu nikaihukumu kwayo duara nzima.

Ushauri wangu wa kwanza basi: usipime ukingo kwa nukta moja. Tembea.

Mimi nilitembea baada ya aibu ile. Nilikaa maktaba hadi taa zikazimwa, nikaanza na z = i, kwa sababu vipeo vyake vinazunguka kwa hatua nne tu: i, −1, −i, 1, kisha vinarudia. Mfululizo unakuwa i − 1/2 − i/3 + 1/4 + i/5 − 1/6 − i/7 + 1/8 na kuendelea. Utenganishe. Sehemu halisi inakwenda −0.5, kisha −0.25, kisha −0.4167, kisha −0.2917: inaruka huku na huku, lakini mruko unapungua. Sehemu ya kufikirika inakwenda 1, kisha 0.6667, kisha 0.8667, kisha 0.7238. Tabia ni ileile. Vijenzi vinazungukazunguka na kufutana, wakati pale z = 1 vyote vinasukuma upande mmoja. Hiyo ndiyo siri ya ukingo: si ukubwa wa vijenzi peke yake, ni mwelekeo wao pia.

Lakini kuona kwa macho si uthibitisho, na nukta moja nzuri haitoshi kama ambavyo moja mbovu haikutosha. Hapa ndipo nilipojifunza mbinu ambayo ningependa kuirudisha nyuma kwenye chumba kile cha mtihani. Chukua jumla ya vijenzi N vya mwanzo, uite S, halafu uuzidishe kwa (1 − z). Ukipanga vizuri, kila kipeo kinakutana na jirani yake, na unabaki na hiki:

```
(1 - z)S = z - z^2/(1*2) - z^3/(2*3) - ... - z^N/((N-1)*N) - z^(N+1)/N
```

Itazame polepole. Vizigeu vilivyokuwa 1/n, vinavyosinyaa kwa uvivu, vimegeuka kuwa 1/((n−1)n), kwa sababu 1/(n−1) kutoa 1/n ni hicho hasa. Hivyo ukivijumlisha vyote unapata 1 tu. Kwa hiyo upande wa kulia unatulia kwa kila z yenye urefu wa 1, bila kujali mwelekeo, na kijenzi cha mwisho, z^(N+1)/N, kinafifia chenyewe. Kilichobaki ni kugawanya kwa (1 − z) kuupata S, na kugawanya kunakataa mahali pamoja tu: z = 1. Mistari mitatu. Nilikosa alama zangu kwa mistari mitatu, na nimekuwa nikiiandika ubaoni kila mwaka tangu nianze kufundisha, hata pale isipohitajika. Wanafunzi wangu wananitania kwa hilo.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu aliyeandika. Kosa lake ni la aina nyingine, na lina heshima zaidi kuliko langu. Yeye ameitazama fomula badala ya kuutazama mfululizo. Ni kweli kwamba ndani ya duara jumla ni 1/(1 + z), na ukisogea kutoka ndani kuelekea 1, thamani inasogelea 1/2. Lakini ukiwa juu ya 1 kwenyewe, jumla za mfululizo ni 1, 0, 1, 0, 1, 0. Hazitulii milele. Fomula inapita pale kwa amani wakati mfululizo umekwama.

Mlango unafunguka upande mmoja tu. Mnorwei Niels Henrik Abel, aliyefariki mwaka 1829 akiwa na miaka 26, aliuonyesha upande unaofunguka kwenye makala yake ya 1826: mfululizo ukitulia kwenye nukta fulani ya ukingo, basi jumla yake pale ni thamani ileile unayoifikia ukitembea kutoka kitovuni kwenda kwenye nukta hiyo. Kinyume chake si lazima kiwe kweli, na mfano wa mdogo wangu ndio ushahidi. Mwaka 1897 Alfred Tauber alionyesha kwamba unaweza kurudi upande wa pili ukiwa na sharti la ziada: vizigeu visinyae haraka kuliko 1/n, yaani kizigeu ukikizidisha kwa n bado kielekee sifuri. Vizigeu vya 1, −1, 1, −1 haviko hata karibu na sharti hilo.

Kwa mfululizo wangu upande wa Abel unatoa zawadi. Ndani ya duara jumla ni −log(1 − z). Tumeshathibitisha kwamba unatulia pale z = i, basi Abel ananiruhusu kuweka i kwenye fomula bila hofu: −log(1 − i). Urefu wa 1 − i ni mzizi wa 2, pembe yake ni nyuzi 45 chini, kwa hiyo jibu ni −(log 2)/2 + iπ/4. Yaani −0.3466 na 0.7854. Zile namba zangu za maktaba zilikuwa zinarukaruka kuzizunguka hizo, na sehemu ya kufikirika, 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7, imezaa robo ya pai. Usiku ule nilipoliona hilo nilisahau kicheko cha darasa kwa kama saa nzima.

Kwa hiyo mpangilio ni huo: kwanza thibitisha mfululizo unatulia, halafu ndipo uiulize fomula. Nimesema, narudia. Vijana wa sasa mnakimbilia fomula kwanza. Mnapenda jibu linalotoshea kwenye skrini ya simu. Ukingo hauna haraka hiyo, na hata kompyuta haitakuokoa usipojua unachokitafuta. Nimemtumia mdogo wangu zoezi moja la kumwonjesha. Achukue z iliyo kwenye ukingo, nyuzi 1 tu kutoka 1, ajumlishe vijenzi 90 vya z^n/n:

```python
import cmath, math
z = cmath.exp(1j*math.radians(1))
s = 0
for n in range(1, 91):
    s += z**n / n
print(s.real)
```

Amenijibu asubuhi: "Kaka, ni 4.52, na nikichapa kila hatua inapanda tu. Huu hautulii." Nikamwambia afikirie pembe. Kwa nyuzi 1 kila hatua, vijenzi 89 vya mwanzo vyote vina sehemu halisi chanya, havijapata nafasi ya kugeuka na kufutana. Mbinu ile ya (1 − z) inatoa pia kipimo cha kosa: baada ya vijenzi N, kosa halizidi 2 gawanya kwa zao la (N + 1) na umbali wa z kutoka 1. Pale z = −1 umbali ni 2, na mambo ni mepesi. Hapa umbali ni 0.01745, kwa hiyo kuwa na uhakika wa kosa lisilozidi 0.01 kunadai vijenzi zaidi ya 11,000.

Abadilishe 91 iwe 20001, nikamwambia, aache kuchapa kila hatua. Baada ya dakika chache akatuma picha ya skrini bila neno lolote. Ilikuwa karibu 4.05, na −log ya 0.01745 ni 4.048.