Karatasi ya kumwasilisha mgonjwa kwenye raundi ya kufundishia

Wadogo zangu mnaoanza utarajali hapa Dar, raundi ya kawaida na raundi ya kufundishia ni vitu viwili. Ile ya kawaida inataka kujua mgonjwa ameamkaje na leo anafanyiwa nini. Ya kufundishia inataka wasikilizaji wafikie ugonjwa wenyewe, kwa njia uliyopita wewe siku ile mgonjwa anapokelewa. Ndiyo maana mpangilio wa karatasi yako una uzito kuliko wingi wa ulichoandika.

Nitawaonyesha kwa mgonjwa mmoja. Mwanaume wa miaka 36, dereva wa bajaji, kaletwa na mkewe kutoka Mbagala kwa sababu ameanza kuongea yasiyoeleweka. Mimi niliandika mstari wa kwanza hivi: "Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, siku ya 3 wodini." Kwa sentensi hiyo nilikuwa nimeshafunga mjadala. Wanafunzi waliacha kufikiri, wakabaki wanasubiri dawa zitajwe. Daktari bingwa akaniuliza swali moja tu: maji ya uti wa mgongo yalitoka kwa shinikizo la kiasi gani? Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilichukua maji ya kupeleka maabara bila kupima. Na mgonjwa alikuwa bado amekishika kichwa kwa mikono miwili mbele yetu.

Anza na siku ya mwisho mgonjwa alipokuwa mzima, kisha uje mbele. Usianze na siku aliyolazwa. Huyu wetu alikuwa mzima wiki 3 kabla. Kichwa kikaanza kuuma polepole, akaenda zahanati akapewa mseto ingawa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Wiki iliyofuata akachomwa sindano za seftriaksoni kwa siku 5, hakupata nafuu. Wiki ya 3 akaanza kutapika, akasema anaona vitu viwili viwili, ndipo akili ikavurugika. Ukisoma mfululizo huo kwa sauti, msikilizaji anaona mwenyewe kwamba ni ugonjwa wa kupanda pole pole, na kwamba dawa ya bakteria imeshajaribiwa.

Maneno ya mgonjwa yaandike kwa Kiswahili chake kabla ya kuyageuza Kiingereza cha raundi. Hapo ndipo tunapoteza mengi. Mtu akisema "nilikuwa na homa", mara nyingi anamaanisha alijisikia vibaya, si kwamba mwili ulichemka. Muulize: ulipimwa, au ulihisi joto? Huyu, mkewe alisema wazi kuwa mwili haukuchemka sana. Ningeandika tu neno "homa" kwa Kiingereza, ningekuwa nimemwongezea dalili ambayo hakuwa nayo.

Historia ya zamani iwe fupi, ila kile kinachobeba kesi kipe nafasi. Anaishi na VVU na aliacha ARV mwaka mzima uliopita alipohama. Kwenye uchunguzi wa mwili, anza na vipimo vya msingi, halafu mfumo wenye tatizo uueleze wote, na mingine mstari mmoja unatosha. Jotoridi 37.6, fahamu 14 kati ya 15, shingo laini, jicho la kushoto haligeuki kwenda nje. Kilo 50. Uzito msiuache kamwe. Amfoterisini B ya liposomu hutolewa mara moja kwa 10 mg kwa kila kilo, kwa hiyo huyu ni 500 mg, na bila uzito hakuna atakayeweza kuihakiki dozi yako. Shingo laini nayo iandikwe, kwa kuwa wengi hudhani bila shingo kukakamaa hakuna ugonjwa wa uti wa mgongo. Kwa kriptokokasi, shingo mara nyingi huwa laini.

Hapa simama. Kabla hujaandika jibu lolote la maabara, andika sentensi moja ya muhtasari. Yangu niliyoirekebisha baadaye ilisema: mwanaume wa miaka 36 mwenye VVU, hatumii dawa mwaka mzima, kichwa kimemzidia kwa wiki 3, sasa amechanganyikiwa na jicho moja haligeuki nje, shingo laini. Sentensi hiyo ndiyo inayozaa orodha ya magonjwa ya kufikiria: kriptokokasi, homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, toksoplazma, na mwishoni kabisa bakteria wa kawaida. Ukiweka majibu kabla yake, orodha inakuwa mapambo.

Majibu yapange kwa namna yanavyojibu orodha hiyo, usiyapange kwa tarehe zilizomo kwenye faili. Malaria hakuna, sukari ya damu ni ya kawaida, kisha maji ya uti wa mgongo: yana antijeni ya kriptokokasi. Shinikizo ulipime mgonjwa akiwa amelala ubavu. Ukikosa kipimo chake, mpira wa dripu ulio safi ukiunganishwa na sindano na kusimamishwa kando ya rula, ukianza kuhesabu pale sindano ilipoingia, unatosha. Baada ya ile raundi tulirudia, tukakuta sentimita 38. Kuanzia 25 pamoja na dalili, maji hutolewa mpaka shinikizo lishuke chini ya 20, au lipungue nusu kama lilikuwa juu mno. Jioni ile alikaa kitandani akaomba uji.

Sasa maswali. Matatu yanatosha, na kila moja litoke pale ambapo uamuzi ulifanyika. "Taja dalili za kriptokokasi" halimjadilishi mtu. Andika hivi: siku ya 3 dawa zote amepata, kichwa bado kinauma vilevile, utafanya nini kabla ya kubadili dawa? Jibu ni kupima shinikizo tena, maana fangasi huziba njia za kunyonya maji hata kama dawa inafanya kazi. La pili: mkewe anauliza mbona hajarudishiwa ARV, utamjibuje? Tunasubiri wiki 4 hadi 6, kwa kuwa kinga ikiamka ghafla ndani ya fuvu lenye fangasi wengi inaweza kumuua. La tatu ni la kumshika mgonjwa mapema: kama angerudi kliniki kabla kichwa hakijaanza, ni kipimo gani kingemwokoa? CD4, na ikiwa chini ya 200, antijeni ya kriptokokasi kwenye damu. Andika majibu yako nyuma ya karatasi, mbele yabaki maswali peke yake.

Jambo moja bado. Kitanda cha jirani kiko hatua moja, na jirani anajua maana ya herufi tatu za VVU kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia raundi nenda kwa mgonjwa, mwambie kesho watakuja watu wengi, muulize anaridhia, na nani kati ya ndugu zake anajua hali yake. Kama akili haijatulia, usimdokeze mkewe chochote ambacho hajakitaja mwenyewe. Kisha piga mstari kwenye karatasi yako: hadithi ya kichwa, macho na shingo isomwe kitandani, VVU, CD4 na lile swali la ARV yasomwe koridoni, mlango wa wodi ukiwa umefungwa.