1.250 Ni Ngapi? Kusafisha Kiasi cha Fedha Kabla ya Kujumlisha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza hesabu za biashara ya viungo Unguja. Ankara hunifikia kutoka pande tatu: wasambazaji wetu wa hapa nchini huandika TSh 3,475,000/=, mnunuzi wa Ujerumani huandika 1.050,00 €, na yule wa Maskati huandika OMR 12.500. Zote lazima ziingie kwenye jedwali moja la Excel zikiwa namba tupu, bila alama ya fedha wala kitenganishi cha maelfu, huku nukta ikitenga desimali. Kazi hii huonekana ndogo mpaka siku jumla inapokataa.

Siku yangu ilikuja na ankara ya Kijerumani yenye mistari mitatu: mdalasini 1.050,00, pilipili manga 1.280,00 na usafirishaji 950,00. Nilifuata mazoea yangu ya shilingi, yaani nikaondoa alama ya €, kisha nikafuta mikato yote kwa mkupuo mmoja. Kompyuta yangu, ambayo imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, ikasoma 1.05, 1.28 na 95000, na jumla iliyopaswa kuwa 3,280 ikatoka 95,002.33. Nashukuru kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kujitangaza lenyewe. Laiti mstari wa usafirishaji usingekuwapo, ningebaki na euro mbili na senti thelathini na tatu katikati ya mamia ya mistari, na huenda nisingeziona.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja: maana ya nukta na mkato huamuliwa kwa chanzo kizima cha ankara, wala si kwa seli mojamoja. Seli iliyoandikwa 1.250 haikuambii chochote peke yake, kwa sababu Mjerumani huisoma elfu moja mia mbili na hamsini, ilhali Mwomani huisoma rial moja na robo. Ukiandika fomula inayokisia kila seli kivyake, itapatia nyingi na kukosea chache, na hizo chache hutazijua.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, natafuta shahidi ndani ya faili. Seli yenye alama zote mbili ni shahidi kamili, kwa kuwa ile ya mwisho ndiyo ya desimali: katika 1.050,00 mkato umekuja mwisho, basi nukta ni ya maelfu. Seli yenye alama ileile mara mbili, kama 3,475,000, inathibitisha kwamba alama hiyo ni ya maelfu. Alama inayofuatwa na tarakimu moja au mbili tu, kama 6,25, ni ya desimali. Tarakimu tatu ndizo zisizosema kitu. Shahidi mmoja akipatikana, ushahidi wake unatosha kwa faili lote, mradi faili limetoka kwa mtu mmoja na halikuunganishwa kutoka sehemu mbili.

Wapo wanaodhani kwamba kuzidisha wingi kwa bei kutamaliza utata. Wakati mwingine husaidia: kilo 200 kwa bei ya 6,25 zikiandikwa jumla 1.250, hakuna shaka tena. Lakini ankara ya Maskati ilinionyesha mpaka wa njia hiyo. Makasha 40 kwa 12.500 yaliandikwa jumla 500.000, na hesabu hiyo inakubali ukisoma rial kumi na mbili na nusu, na inakubali vilevile ukisoma elfu kumi na mbili na mia tano, kwa sababu bei na jumla zimesogea pamoja mara elfu moja. Hapo kinachoamua ni kuijua fedha yenyewe. Rial moja ya Oman ina baisa 1,000, ndiyo maana huandikwa kwa desimali tatu. Kwa hiyo jumla ni rial 500. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuhamishia jina la fedha kwenye safu yake, EUR, OMR au TZS, kabla ya kulifuta kwenye kiasi. Ukilifuta kwanza, umemfukuza shahidi wako.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba Excel haikutangulii. Ukifungua faili la CSV kwa kulibofya tu, 12.500 hugeuka 12.5 palepale, na maandishi ya awali hayarudi. Mimi huiwekea safu umbo la maandishi (Text) kwanza, kisha ndipo nabandika, na safu hiyo ya asili siigusi tena. Namba safi hukaa kwenye safu ya pembeni. Kwa ankara ya Kijerumani hutumia hii, ambayo mwishoni mwake hutaja kwanza mkato kuwa wa desimali, kisha nukta kuwa ya maelfu:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,"€",""),UNICHAR(160),""),",",".")
```

Ile `UNICHAR(160)` ni nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho haina tofauti na nafasi ya kawaida, lakini `TRIM` haiiondoi. Ukiona namba inang'ang'ania upande wa kushoto wa seli kama maandishi, pima urefu wake kwa `LEN`. Ukizidi idadi ya herufi unazoziona, kuna kitu kimejificha.

Uzuri wa `NUMBERVALUE` ni kwamba ukiipa 1,280.50 katika mpangilio wa Kijerumani inatoa #VALUE! badala ya kukisia. Hata hivyo ina udhaifu mmoja: seli tupu huigeuza sifuri, na kiasi ambacho hakijaandikwa si sawa na kiasi cha sifuri. Kwa hiyo nahesabu seli tupu kabla na kuziacha tupu baadaye.

Kwa shilingi, mikato na nukta hubadilishana nafasi, na herufi huzigeuza kubwa kwanza kwa sababu `SUBSTITUTE` hutofautisha TSh na Tsh:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(A2),"TSH",""),"/=",""),"/-",""),".",",")
```

Hiyo /- tuliirithi kutoka shilingi na peni za Waingereza, ambako kistari kilimaanisha kwamba peni hazipo. Nimeieleza kwa sababu ina mtego. Baadhi ya taarifa za hesabu za Kijerumani huweka alama ya kutoa mwishoni, kama 250,00-, na niliwahi kuandika fomula iliyogeuza kila kistari cha mwishoni kuwa hasi. Ilifanya kazi vizuri kwa Wajerumani, kisha ikapita kwenye stakabadhi za hapa nyumbani na kugeuza kila 40,000/- kuwa deni. Na hata kwa Wajerumani haikuwa salama, kwani wao pia huandika 250,- wakimaanisha euro 250 kamili zisizo na senti. Siku hizi huondoa /- na ,- kwanza, na kistari kinachobaki baada ya hapo ndicho ninachokihesabu kuwa cha kutoa.

Nikimaliza, nalinganisha jumla ya safu safi na jumla iliyochapwa chini ya ankara, ambayo huipiga mwenyewe kwa mkono baada ya kuisoma kwa macho, bila kuipitisha kwenye fomula ileile. Ile ankara ya euro 3.280,00 nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, pamoja na 95,002.33 iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni.