Kwa nini benki humpitisha mteja mmoja moja kwa moja na kumdai mwingine msimbo

Nilipokuwa nasimamia malipo ya duka moja la mtandaoni, mteja wetu wa siku nyingi alituandikia hivi: "Natumia kompyuta ileile, kadi ileile, na mzigo unakuja nyumbani kwangu kama siku zote. Mbona kwenu kila mara benki inanitumia msimbo, na kwingine napita tu?" Nilimjibu kwamba huo ni uamuzi wa benki yake. Jibu hilo lilikuwa na ukweli nusu. Benki ndiyo iliyoamua, lakini iliamua kwa taarifa tulizoipelekea sisi, na taarifa zetu zilikuwa mbovu. Ilinichukua wiki kadhaa kuligundua hilo, ndiyo maana naandika, kwa sababu najua wengi wanaoendesha maduka wanaiachia benki lawama isiyo yake.

Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, kabla fedha hazijaombwa, seva ya muuzaji hutuma ujumbe kwa benki iliyotoa kadi kupitia mtandao wa kadi. Utaratibu huu unaitwa 3-D Secure, na toleo lake la pili, lililoanza kutolewa mwaka 2016 na EMVCo, shirika linaloweka viwango vya malipo ya kadi, liliundwa ili benki ipate taarifa za kutosha kuamua bila kumsumbua mteja. Ujumbe hubeba kiasi cha malipo, barua pepe, anwani ya bili na ya kupelekea mzigo, aina ya kivinjari, lugha, ukubwa wa skrini, anwani ya IP na mengineyo. Mfumo wa benki hulinganisha hayo na historia ya kadi: kifaa hiki kimeshaonekana? Mwenye kadi huwa ananunua vitu vya kiasi hiki? Hapo hupatikana alama ya hatari. Ikiwa ndogo, benki hujibu papo hapo kwamba imeridhika, na mteja hajui hata kama kuna kilichopita. Ikiwa kubwa, ndipo unapokuja msimbo kwenye simu au ombi la kuidhinisha ndani ya programu ya benki.

Jibu la benki utalisoma kwenye sehemu inayoitwa `transStatus`. `Y` maana yake mteja amethibitishwa. `C` maana yake benki inataka hatua ya ziada. Yapo majibu mengine, lakini haya mawili ndiyo niliyoyafuatilia. Nikachukua muamala wa yule mteja kwenye kumbukumbu za seva, na hiki ndicho kipande kilichonifumbua macho:

```
"threeDSCompInd": "N",
"browserIP": "10.0.3.7",
"chAccAgeInd": "01",
"transStatus": "C"
```

Mstari wa kwanza ndio ulioniumiza zaidi. Kabla ya ujumbe mkuu kutumwa, benki nyingi hutaka nafasi ya kukitazama kifaa cha mteja zenyewe. Muuzaji hufungua `iframe` isiyoonekana kwenye ukurasa wa malipo, humo benki inaendesha programu yake ndogo na kukusanya alama za kifaa. Ikimaliza, `threeDSCompInd` inakuwa `Y`. Ikishindwa au ikipita sekunde 10 bila kumaliza, inakuwa `N`. Ikiwa benki hiyo haina huduma hiyo kabisa, inakuwa `U`. Kwetu, siku nzima, kila kadi ambayo benki yake ina huduma hiyo ilirudisha `N`. Maana yake benki hazikuwahi kukiona kifaa cha mteja wetu hata mmoja. Yule bwana angeweza kununua mara 20 kwa kompyuta ileile, na kila mara kwa benki yake ikawa ni kompyuta ya mgeni.

Chanzo kilikuwa kanuni ya usalama ya tovuti yetu wenyewe. Mtu aliyetutangulia aliandika hivi kwenye vichwa vya majibu ya seva:

```
Content-Security-Policy: frame-src 'self'
```

Kanuni hiyo inakiambia kivinjari kisifungue fremu yoyote isiyotoka kwetu, kwa hiyo fremu ya benki ilizuiwa kimya kimya. Kuthibitisha ni rahisi: fungua ukurasa wa malipo, fungua konsoli ya kivinjari, jaza kadi, kisha angalia. Kosa la `frame-src` litakuwa limeandikwa pale kwa rangi nyekundu. Sisi tuliruhusu fremu za `https:` kwenye ukurasa wa malipo peke yake, kurasa nyingine zikabaki na ukali wake. Bado hatukumaliza, kwa sababu tulikuwa tunaanzisha fremu hiyo baada ya mteja kubonyeza kulipa, na ujumbe mkuu ulitumwa bila kungoja. Tukahamisha mwanzo wake hadi pale mteja anapomaliza kuandika namba ya kadi. Wakati yeye anajaza tarehe na jina, benki inafanya kazi yake, na mara nyingi inakuwa imemaliza kabla hajafika kwenye kitufe.

Mstari wa pili, ule wa anwani ya IP, ulikuwa kosa dogo lenye madhara makubwa. `10.0.3.7` ni anwani ya ndani ya mtandao wetu, ni ya ile seva ya mbele inayogawa kazi kwa seva nyingine. Tulikuwa tunawapelekea benki anwani yetu badala ya anwani ya mteja. Jiweke kwenye nafasi ya benki: mamia ya kadi za watu tofauti, zote zinatoka kwenye anwani moja. Hiyo ndiyo sura ya mwizi anayejaribu kadi za wizi moja baada ya nyingine. Kama unataka kujua duka lako lina tatizo hili, chukua miamala ya siku moja na uhesabu ni anwani ngapi tofauti zimo kwenye `browserIP`. Zikiwa mbili au tatu, umepata jibu. Anwani halisi ya mteja kwa kawaida iko kwenye `X-Forwarded-For`, lakini iamini tu pale inapoandikwa na seva yako ya mbele, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuitunga.

Mstari wa tatu unahusu umri wa akaunti ya mteja dukani. `01` maana yake amenunua kama mgeni asiye na akaunti, `02` amefungua akaunti wakati wa muamala huu, `03` ina chini ya siku 30, `04` kati ya siku 30 na 60, na `05` ni zaidi ya siku 60. Sisi tuliandika `01` kwa kila mtu, kwa sababu ndiyo thamani iliyokuwa kwenye mfano tulionakili. Mteja wa siku nyingi alistahili `05`. Hapa nasisitiza: usishawishike kuandika `05` kwa wote. Benki hulinganisha ulichodai na ulaghai unaotokea baadaye, na neno la duka linalodanganya halina uzito tena, hata siku linaposema kweli.

Baada ya marekebisho hayo, majibu ya `Y` ya papo hapo yalianza kuonekana, kwanza machache. Benki zinahitaji kukiona kifaa mara kadhaa kabla ya kukizoea, kwa hiyo usipime siku ya pili ukakata tamaa. Rekebisha kitu kimoja, ngoja, tazama, ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia.

Sasa niseme juu ya kosa ambalo lilitugharimu fedha. Kuna njia mbili za mteja kupita bila msimbo, na kwenye skrini yake zinafanana kabisa. Ya kwanza ndiyo niliyoieleza: benki inapima na kuridhika. Katika njia hiyo, pamoja na kwamba mteja hakuandika msimbo wowote, muamala unahesabiwa kuwa umethibitishwa. Kwa kawaida thamani ya `eci`, sehemu inayoonyesha muamala umethibitishwa kwa kiwango gani, itakuwa `05` kwa Visa au `02` kwa Mastercard, na ikija kujulikana kwamba kadi ilikuwa ya wizi, hasara kwa kawaida inabaki kwa benki iliyotoa kadi.

Njia ya pili ni muuzaji, kupitia benki inayompokelea malipo, kuomba msamaha: sisi wenyewe tumepima hatari, tunaomba msimbo usiombwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya msamaha huu umewekewa viwango kwa sheria. Kwa malipo ya hadi euro 100, kiwango cha ulaghai cha mtoa huduma anayeuomba kisizidi asilimia 0.13, hadi euro 250 kisizidi 0.06, hadi euro 500 kisizidi 0.01. Kinachosahaulika ni kwamba anayeomba msamaha ndiye anayebeba hasara.

Nilipoona msamaha unapunguza misimbo mara moja, niliuwasha kwa kila malipo yaliyo chini ya kiwango. Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha. Kisha madai ya kurejeshewa fedha yakaanza kuingia, kwa kuwa wenye kadi huchelewa kugundua kilichofanyika. Mzigo ulikuwa umeshaondoka, fedha zikarudishwa kwao, na hatukuwa na pa kulalamika kwa kuwa tuliuomba msamaha wenyewe. Nilijuta sana. Siku hizi namwombea msamaha mteja mwenye akaunti ya muda mrefu, anayepelekewa mzigo kwenye anwani aliyokwishaitumia, na ambaye hajawahi kuleta dai. Wengine wote naiachia benki yao ipime.

Hata ukiomba msamaha, benki ya mteja inaweza kuukataa. Jibu litakuja wakati wa kuomba fedha, `1A` kwa Visa na `65` kwa Mastercard, kwa maana kwamba irudie pamoja na uthibitisho. Hii si kadi iliyokataliwa. Maduka mengi humwonyesha mteja "malipo yameshindikana" hapo, naye anaondoka wakati fedha zipo. Mfumo wako upokee jibu hilo, uanzishe 3-D Secure palepale huku `threeDSRequestorChallengeInd` ikiwa `04`, yaani hatua ya ziada ni lazima, kisha uombe fedha tena bila mteja kujaza kadi upya.

Zipo pia benki ambazo hazitampitisha mtu hata ukifanya kila kitu sawasawa, ama kwa sera yao au kwa sheria ya nchi zilizomo. Panga majibu ya `C` kwa tarakimu za mwanzo za namba ya kadi, zile zinazoitambulisha benki. Ukiona benki moja inarudisha `C` kwa kila muamala, wakati nyingine zinawapitisha wateja wenye sifa zilezile, hilo halirekebishiki upande wako. Waandikie wateja wa benki hiyo sentensi moja kwenye ukurasa wa malipo, kwamba wawe na simu karibu.