Kabla ya kuikubali lambda, iulize inaamini nini

Ukitumia `Ridge`, yaani modeli ya mstari inayoadhibu vizidishi vikubwa kwa uzito wa lambda, tayari umeweka imani kuhusu vizidishi vyako, hata kama hukuiandika popote. Ushauri wangu ni huu: itoe imani hiyo hadharani, uisome kwa vipimo vya kazi yako, ndipo uikubali au uikatae. Mimi hufanya hivyo kila ninapojenga modeli ya mstari.

Imani hiyo inatoka hapa. Makadirio ya MAP, yaani kuchagua thamani yenye uwezekano mkubwa zaidi baada ya kuona data, huzidisha vitu viwili: jinsi data inavyokubaliana na kizidishi w, na jinsi tulivyokiamini kizidishi hicho kabla ya kuona data. Tukichukulia kwamba makosa ya modeli yana mgawanyo wa kawaida wenye mkengeuko σ, na kwamba w nayo ina mgawanyo wa kawaida wenye kitovu sifuri na mkengeuko τ, tunachukua logaridhimu, tunageuza alama, kisha tunazidisha kwa 2σ². Kinachobaki cha kupunguza ni hiki:

```
Σ(y − xw)² + λw²,   λ = σ²/τ²
```

Hiyo ndiyo `Ridge` yenyewe. Ule mraba wa w unaoitwa adhabu ni imani ya awali iliyopitia logaridhimu.

Sasa chukua nyumba 5 za vyumba 1, 2, 3, 4 na 5, zenye kodi ya shilingi elfu 100, 160, 190, 250 na 300. Ondoa wastani pande zote mbili, ili kodi ya msingi isiadhibiwe. Jumla ya x² ni 10 na ya xy ni 490, hivyo data peke yake inasema kila chumba kinaongeza elfu 49. Makosa yaliyobaki yana σ ya karibu 8.

Ukiweka λ = 100, jibu ni 490/110, yaani elfu 4.5. Kwa nini limeporomoka hivyo? Geuza kanuni: τ = σ/√λ = 0.8. Umesema kwamba chumba kimoja ni nadra kubadilisha kodi kwa zaidi ya elfu 1.6, yaani mara mbili ya τ! Hakuna dalali atakayekubali hilo. Hata `alpha` ya 1.0, jina la λ katika scikit-learn, ambayo maktaba hiyo huiweka usipochagua, ina maana τ ni 8, na jibu linashuka hadi elfu 44.5. Mimi ningeweka τ = 40; λ inakuwa 0.04 na jibu linabaki elfu 48.8.

Angalia pia vipimo vya x. Ukipima umbali wa kituo cha basi kwa mita badala ya kilomita, kizidishi kinakuwa kidogo mara 1,000, na λ ileile haikigusi kabisa. Kwa hiyo sawazisha vigezo kwanza, kisha ndipo usome τ.