Mwamu, Mswahili, Mpwani: bibi achague lipi?

*Mwalimu, shikamoo. Bibi yangu ni mzaliwa wa Lamu. Akiwa kwao hujiita Mwamu, akija kwetu Malindi husema "sisi Waswahili". Mjomba anamwambia achague moja. Tena tuna jirani Mgiriama, Mwislamu, na Kiswahili chake kinashinda changu. Huyo naye ni Mswahili?*

Marahaba. Bibi yako hajakosea hata chembe. Anapojiita Mwamu, anaosema nao ni Wapate, Wasiu na Wabajuni. Huko neno Mswahili halimtengi na yeyote, basi la nini? Malindi anaishi na Wagiriama, na hapo ndipo neno hilo linapata kazi. Mpeleke Nairobi, katikati ya wabara, utamsikia akisema "sisi Wapwani", na huenda safari hiyo Mgiriama akawa ndani ya hiyo "sisi".

Mwanaanthropolojia wa Norwei, Fredrik Barth, aliliandikia jambo hili katika kitabu cha mwaka 1969. Wengi walikuwa wakilichukua kabila kama furushi: lugha yao, mavazi yao, vyakula vyao, dini yao, ukilifungua utajua ni nani. Barth akasema anzeni na mpaka. Kundi hudumu kwa sababu watu wanaendelea kutofautisha "sisi" na "wao" jirani, na katika mambo yao mengi huteua machache tu yawe alama ya tofauti hiyo. Yaliyobaki yanaweza kubadilika, hata yakafanana na ya jirani, na mpaka ukabaki palepale.

Kwa upande wetu wa lugha, ushahidi uko mdomoni mwa bibi. Mwamu husema *mui*, Mwunguja *mji*, Mgiriama *mudzi*. Neno ni lile lile moja, kwani Kiswahili na lugha za Mijikenda, Kigiriama kikiwemo, ni ndugu wa tumbo moja, kundi la Kisabaki, pamoja na Kipokomo. Hata hivyo *mui* na *mji* tunazihesabu lahaja za Kiswahili, ilhali *mudzi* tunaambiwa ni lugha nyingine. Sikatai kwamba tofauti za sarufi zipo. Nasema tu kwamba sikio la mtaani halipimi sarufi. Linasikia *dz* moja na limeshajua anayesema anatoka upande gani.

Sasa jirani yako. Mpaka kudumu hakuna maana kwamba watu hawauvuki. Katika kitabu hicho cha Barth, Gunnar Haaland alieleza habari za Darfur, Sudan. Wafur ni wakulima wa jembe. Mfur aliyejaliwa ng'ombe wengi aliona kijijini hakuna namna nzuri ya kuikuza mali hiyo, akahama na mifugo, akaishi maisha ya wafugaji Wabaggara, na hatimaye akahesabiwa Mbaggara. Watu wamevuka, lakini Wafur na Wabaggara wamebaki makundi mawili.

Pwani yetu nayo ina njia yake ya kuvukia, na wavukaji wana jina: mahaji, yaani Wamijikenda waliosilimu na kuingia katika maisha ya mji. Litazame neno hilo vizuri. Linamkubali mtu na papo hapo linakumbusha alikotoka. Kwa hiyo jibu la swali lako haliko katika ufasaha wake wala katika sala zake pekee. Wadigo wengi ni Waislamu, wanakijua Kiswahili, na bado wanajihesabu katika Mijikenda. Uliza anajiitaje mwenyewe, na je, wanaojiita Waswahili mtaani kwenu wanalikubali jina hilo kwake? Pande zote mbili zikikubaliana, ni Mswahili. Zikipingana, hakuna kamusi itakayowaamulia.

Mimi nina pingamizi moja kwa Barth, nayo ni kwamba anayechora mpaka si jirani tu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilimweka Mwarabu upande wa wasio wenyeji na Mswahili upande wa wenyeji, na kila upande ukawa na haki na kodi zake. Haikuchukua muda watu wa miji ya pwani wakaanza kudai Uarabu. Chakula hakikubadilika, lugha haikubadilika, lakini jina la mtu lilikuwa sasa linaandikwa na karani.

Katika uandishi, basi: andika Mwamu unapomtofautisha na wa Pate au Siu, Mswahili unapomtofautisha na majirani wasio Waswahili, Mpwani unapomtofautisha na wa bara. Ila *Mnyika*, jina ambalo watu wa mijini walimpa Mmijikenda kwa kumwona mtu wa porini, usiliandike isipokuwa unanukuu maandishi ya zamani. Hilo lilichaguliwa na upande mmoja tu wa mpaka. Jina Mijikenda wamelichagua wenyewe, na kwao hutamkwa *Midzichenda*.