Picha ya mkulima anayetabasamu haimwonyeshi mtu kiwavi

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Naendesha tovuti ndogo ya kilimo cha mahindi huku Mbeya. Nimeandika makala ya kutambua viwavijeshi vamizi nikaweka picha tatu: shamba la kijani, mkulima anatabasamu ameshika hindi, na kiwavi niliyemkuta mtandaoni. Jamaa aliyenitengenezea tovuti ananiambia kwenye sehemu ya alt nijaze maneno ambayo watu huyatafuta Google, kama "mahindi, kilimo cha mahindi Tanzania, dawa ya viwavi". Je, maneno mangapi yanatosha, na niyarudie kwa kila picha?

JIBU: Dada, yafute yote. Huyo jamaa yako si wa kwanza. Haupiti mwezi bila mtu kuniletea ushauri huohuo, na mara nyingi ameulipia.

Sehemu ya alt, yaani maelezo ya maneno yanayofichwa nyuma ya picha, haikuwekwa kwa ajili ya Google. Ilikuwamo tayari kwenye HTML 2.0 ya mwaka 1995, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, na toleo la 4 la Desemba 1997 likaifanya iwe lazima kwa kila picha. Kampuni ya Google ilisajiliwa Septemba 1998. Maelezo yale ni ya mtu asiyeiona picha: asiyeona anayetumia kisoma skrini, NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, na pia yule ambaye mtandao wake unasuasua hadi picha ikagoma kufunguka, akabaki na maneno mahali pa picha. Sasa msikilize huyo mtu. Amefika katikati ya makala yako, anataka kujua mdudu anafananaje, halafu simu inamsomea "mahindi, kilimo cha mahindi Tanzania, dawa ya viwavi" mara tatu. Ni konda anayeita vituo ambavyo gari lake haliendi. Na Google wenyewe wanaonya watu wasirundike maneno humo.

Lakini maneno hayo ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye picha. Umekosa la kuandika kwa sababu picha mbili kati ya tatu hazisemi kitu. Jaribu kumweleza mtu yule mkulima anayetabasamu kwa namna itakayomsaidia kumtambua kiwavi. Huwezi, na si kwamba hujui kuandika. Picha haina kazi pale.

Mimi huanza upande wa pili. Naandika maelezo kwanza, picha naitafuta baadaye. Naisoma makala mpaka nifike mahali ambapo maneno yananishinda, pale ninapotamani kumshika msomaji mkono nimpeleke shambani nimwambie "ona hapa". Naandika sentensi moja ya kile ambacho angekiona. Hiyo sentensi ndiyo agizo la picha, na ikishapatikana picha, ndiyo karibu maelezo yake yote.

Tuichukue makala yako. Kila anayeandika kuhusu viwavijeshi vamizi hukimbilia picha ya kiwavi mnene: usoni ana alama nyepesi ya Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Alama hizo ni za kweli, nami ningeziweka. Ila kiwavi mwenye alama zinazoonekana vizuri hivyo ameshakua, anakaribia sentimita tatu hadi nne, na amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii kirahisi. Msomaji anayesubiri aione Y ndipo ashtuke, ameshachelewa. Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote kwa kumtambua mdudu si ile inayomsaidia mkulima kuwahi.

Ya kuwahi ni picha ya jani. Viwavi wakiwa wachanga, milimita chache tu, hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha utando mwembamba wa upande wa pili. Ukiliinua jani juani unaona vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga. Hapo simu yako ya kawaida inatosha: shika jani moja, jua liwe nyuma yake, sogea mpaka jani lijaze fremu, uso wako na shamba vibaki nje. Maelezo yake yawe hivi:

```html
<img src="jani-vidirisha.jpg" alt="Jani la mhindi mchanga likiwa juani. Lina mabaka meupe marefu yanayopitisha mwanga; halijatoboka, utando mwembamba umebaki.">
```

Ona nilichoacha. Sikuandika "picha ya", kwa sababu kisoma skrini kimeshatangaza kwamba hii ni picha. Sikutaja mkono ulioshika jani wala anga. Neno "halijatoboka" nimeliweka makusudi, maana ndilo linalotenganisha hatua hii na ile inayofuata, na jicho la haraka hulikosa hata kwa mwenye kuona.

Picha ya pili iwe ya moyo wa mhindi ukitazamwa kutoka juu: majani yaliyochanika kingo na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Hapa watu huniambia asiyeona hahitaji rangi wala sura. Nani kasema? Wengi walipoteza uwezo wa kuona ukubwani na rangi wanazijua. Na mkulima asiyeona anaweza kumtuma mtoto shambani: "kaangalie kama kuna unga wa mbao katikati ya mhindi". Au akautia mkono mwenyewe akausikia. Ukimwandikia "mahindi yaliyoshambuliwa" hujampa cha kumtuma mtoto.

Hapo useme pia mpaka wa picha zako. Funza wa mabua naye akiwa mchanga hula majani kwenye moyo wa mhindi, na jani likifunguka huonyesha matundu madogo yaliyojipanga kwa mstari. Kwa hiyo jani peke yake halimalizi kesi. Msomaji afungue moyo wa mhindi amtafute mdudu mwenyewe, na ndipo picha ya tatu, ya kiwavi, inapopata kazi.

Hiyo ya tatu nakushauri iwe mchoro. Kwa simu, kichwa na mkia wa kiwavi kutoka wazi kwa pamoja ni bahati nasibu, na mwanga ukimwakia mgongoni Y inapotea. Mchoro unaacha kila kitu isipokuwa alama mbili unazozitaka. Ukipenda picha ya kamera, weka njiti ya kiberiti pembeni yake. Kipeperushi kimoja nilichoshiriki kukitengeneza miaka iliyopita kilikuwa na kiwavi aliyejaza ukurasa mzima bila kipimo chochote, na tulipokipeleka kijijini mzee mmoja alikitazama akaturudishia: "Huyu kwetu hayupo, wetu ni wadogo." Alikuwa na viwavi haohao shambani kwake. Maelezo ya mchoro:

```html
<img src="alama-kiwavi.png" alt="Kiwavi mwenye urefu unaokaribia wa njiti ya kiberiti. Usoni ana mstari mweupe kama panda ya manati iliyogeuzwa chini juu; karibu na mkia ana madoa manne meusi yanayofanya mraba.">
```

Nimetumia panda ya manati kwa sababu kuna wanaosikiliza simu vizuri sana ambao hawakuwahi kukaa na umbo la herufi Y.

Kuhusu urefu: utasikia herufi 125, wengine watakuapia. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, hauna idadi hiyo. Sentensi moja au mbili kwa kawaida zinatosha. Zikizidi tatu, ama picha imebeba mambo mawili na ingegawanywa, ama maelezo hayo yanastahili kuwa ndani ya makala ambako kila mtu atayasoma. Na maandishi ya chini ya picha ni kitu kingine. Yale huonekana na wote, kwa hiyo hapo weka mahali, tarehe na umri wa mahindi. Usiyarudie kwenye alt, asiyeona asisikie jambo moja mara mbili.

Shamba la kijani ukilipenda sana liache juu ya makala, lakini alt iwe tupu, hivi: `alt=""`. Hapo kisoma skrini kinairuka. Usiifute alt yenyewe, kwani ikikosekana kabisa visoma skrini vingine humsomea mtu jina la faili, herufi na namba za kamera yako moja baada ya nyingine. Na hakikisha ukurasa wako una `lang="sw"`. Bila hiyo, sauti ya Kiingereza inaweza kupewa Kiswahili chako ikakisoma kwa lafudhi ambayo hata mama yako hataielewa.

Sasa kile kiwavi cha mtandaoni. Hapa ndipo napoteza uvumilivu. Kabla sijafika mbali: una uhakika ni yupi? Tulikuwa na viwavijeshi wa siku zote, wale weusi wanaotembea kwa makundi, muda mrefu kabla hawa vamizi hawajaonekana Tanzania mwaka 2017. Ukitafuta "kiwavijeshi" unaletewa wote wawili, pamoja na wadudu wa mabara mengine, na wauzaji wa dawa hubandika yeyote aliye karibu juu ya chupa yao. Msomaji hakagui picha kama anavyokagua sentensi. Sentensi mbovu ataisoma mara ya pili akashuku. Picha mbovu anaibeba kichwani mpaka shambani na kuilinganisha na kilicho mbele yake. Aliyepewa mdudu asiye wake ananunua dawa isiyo yake.

Na wapo wanaouza vifurushi vya "picha mia tano za kilimo, tumia popote". Nimeshavifungua. Mashamba ya nyanda za mbali, matrekta ambayo wilayani kwako hayapo, mikono inayoshika udongo. Hakuna hata moja yenye ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hauuzi. Mtu akinunua hizo ataandika makala yake ili ifuate picha, na alt atajaza maneno ya kutafutwa, maana hana kingine cha kusema.

Kabla hujachapisha, mpigie simu mkulima mmoja unayemfahamu. Usimtumie picha. Msomee yale maelezo matatu tu, kisha muulize akienda shambani kesho alfajiri atatafuta nini na wapi. Akikuuliza "upande gani wa jani?", hicho ndicho ulichokisahau.