Barua ya mzazi kwa viza ya masomo Uingereza: iandike mwisho

Wadogo zangu mnaoandaa faili hapa Kampala, wengi huanza na barua ya mzazi, tena ndefu, yenye dua na sifa za mtoto. Iandikeni mwisho. Kazi yake ni kuunganisha jina lako na akaunti yenye fedha, basi.

Mwaka 2024 nilishughulikia faili ya mdogo wangu. Ada ilikuwa pauni 14,000. Tulitanguliza 4,000, zikabaki 10,000. Matumizi nje ya London wakati ule yalihesabiwa pauni 1,023 kwa mwezi, kwa miezi tisa 9,207. Tulitakiwa kuonyesha 19,207. Kiwango cha mwezi kimepanda tangu hapo, kwa hiyo soma kilichopo siku unapotuma. Fedha hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki isipitwe na siku 31 unapotuma ombi.

Sehemu kubwa ilitoka kwa mjomba. Nilidhani ataandika barua mwenyewe, maana kwetu mjomba ni mzazi. Kwa viza hii sivyo: katika ndugu, anayekubaliwa ni baba, mama au mlezi wa kisheria. Mjomba akamhamishia mama, nasi tukaanza kuhesabu siku tangu fedha zilipoingia. Siku ya 19 mama akatoa ada ya kitinda mimba, salio likashuka chini ya kiwango. Tukarudi siku ya kwanza. Awamu ya pili tuliongeza kidogo juu ya kiwango, kwa sababu akaunti ilikuwa ya shilingi: shilingi ikilegea, salio lililotosha jana leo halifiki.

Halafu majina, na hapa ndipo sisi Waganda tunapokwama sana. Ndugu wa tumbo moja huweza wasishirikiane jina hata moja na wazazi wao, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha NIRA ndicho kinachothibitisha uzazi. Cha mdogo wangu kilimtaja mama kwa jina la usichana. Benki ilimjua kwa jina la ndoa. Tuliambatisha cheti cha ndoa pamoja na kiapo kilichosainiwa mbele ya kamishna wa viapo.

Ndipo tukaandika barua, kwa Kiingereza, mistari michache. Maana yake ilikuwa: “Mimi fulani, mama mzazi wa fulani mwenye pasipoti namba kadhaa, nakubali atumie fedha zilizo katika akaunti yangu namba kadhaa kulipia ada na matumizi yake Uingereza.” Tarehe, saini. Jina lilinakiliwa herufi kwa herufi kutoka taarifa ya benki, na kiapo kikaeleza lile la cheti.

Mama alitaka tuweke na hati ya shamba. Tuliirudisha sandukuni: wanahesabu fedha unazoweza kutoa benki, na shamba halimo.